Lita 12 za kwenye karatasi na lita 1.2 za kwenye ndoo: kisa cha bomba la mteremkoni juu ya Moshi

Kamati ya maji ya kijiji kimoja kilichopo mteremkoni juu ya Moshi iliniletea karatasi moja yenye hesabu, ikaniomba niipitie kabla mtaro wa bomba haujafukiwa. Karatasi hiyo iliandikwa na kijana wa hapohapo kijijini aliyekuwa amemaliza masomo ya ufundi wa maji, na mwandiko wake ulikuwa safi kuliko wangu. Kwa muhtasari, ilisema kwamba bomba la plastiki jeusi la HDPE la 63 mm, lenye urefu wa mita 3,200 kutoka tangi la chemchemi hadi mwisho wake kitongojini, lingeleta lita 12 za maji kila sekunde. Kwa kuwa bomba moja la kuchotea huhitaji kama lita 10 kwa dakika, lita 12 kwa sekunde zingetosha mabomba 72 yaliyofunguliwa kwa pamoja, na kwa sababu hiyo kamati ilikuwa imeamua kuacha kujenga tangi la kuhifadhia na kuunganisha vioski moja kwa moja kwenye bomba kuu.

Vipimo vyenyewe havikuwa na kasoro. Bomba lilipita kandokando ya mfongo wa zamani, ule mfereji wa kuleta maji mashambani, yaani lilizunguka mabega ya mlima badala ya kuteremka moja kwa moja, na ndiyo maana katika urefu wote huo tofauti ya kimo kati ya uso wa maji kwenye tangi la chemchemi na mdomo wa bomba kule mwisho ilikuwa mita 18 tu. Kimo hicho kilipimwa kwa mashine ya kupimia usawa, hatua kwa hatua, wala si kwa simu, ambayo inaweza kukosea kwa mita kadhaa na hivyo kuharibu hesabu yenye mita 18 pekee. Kipenyo cha ndani kilichukuliwa sawasawa pia: namba 63 iliyochapwa kwenye bomba ni kipenyo cha nje, na ukitoa unene wa ukuta wa 3.8 mm kila upande, maji yanabakiwa na njia ya 55.4 mm. Maji ya chemchemi yalikuwa na joto la 18 °C. Kosa lote lilikuwa katika mstari mmoja wa kuchagua kigezo cha msuguano, f, ambao kijana aliuandika juu kabisa, kabla ya hesabu yoyote: «Maji ni matulivu, hivyo f = 64/Re.»

Nilipomuuliza amejuaje kuwa ni matulivu, alinipeleka kwenye mfongo. Maji yalikuwa maangavu, yakitambaa bila povu wala kelele. Nilichuma jani kavu nikalitupa humo. Halikwenda mbele kama gari kwenye reli, bali liligeuka, likavutwa ukingoni, likarudi katikati, likazama nusu na kuibuka tena. Utulivu tunaoutaja katika hesabu za mabomba si ukimya wa maji. Ni hali ambayo kila tabaka la maji linateleza juu ya jirani yake bila kuchanganyika nalo, na lile linalogusa ukuta linabaki ukutani. Osborne Reynolds alilionyesha jambo hili mwaka 1883 kwa kuingiza uzi wa rangi katikati ya maji yanayopita kwenye mrija wa kioo. Kwa mwendo mdogo uzi ulibaki umenyooka hadi mwisho, na mwendo ulipopita kiwango fulani uzi ulikatika ghafla na rangi ikaenea mrija mzima. Mtu aliyesimama nje ya bomba jeusi lililofukiwa hana uzi wa rangi wa kuangalia, kwa hiyo anategemea namba.

Namba yenyewe, iitwayo namba ya Reynolds au Re, ni nyepesi. Unazidisha mwendo wa maji kwa kipenyo cha ndani, kisha unagawanya kwa mnato wa maji uliokwisha kugawanywa kwa densiti yake, ambao kwa maji ya 18 °C ni kama mita za mraba 0.000001053 kwa sekunde:

```
Re = V × D / ν
```

Ndani ya bomba la mviringo, Re ikiwa chini ya takribani 2,000 mtiririko ni tulivu. Ikipita 4,000, mtiririko ni wa msukosuko. Kati ya hapo ni eneo la mashaka ambalo bomba linaweza kubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine kwa sababu ndogo tu, na mimi nikijikuta humo hukadiria kwa msukosuko, kwa sababu ndio unaokula kimo kikubwa zaidi. Kimo kinachopotea kwa msuguano hupatikana kwa kanuni moja katika hali zote mbili, ile iitwayo ya Darcy na Weisbach:

```
h = f × (L/D) × V² / (2g)
```

Humo h ni kimo kinachopotea, L ni urefu wa bomba na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Kanuni haibadiliki. Kinachobadilika ni f, yaani kigezo cha msuguano, na ndiyo sababu uamuzi kuhusu aina ya mtiririko lazima utangulie. Katika mtiririko tulivu f ni 64/Re kamili, na ukuta uwe laini au wenye mikwaruzo haijalishi. Katika msukosuko, vizingia vidogo huyabeba maji yaendayo polepole kutoka ukutani na kuyatupa katikati, na ya katikati huyapeleka ukutani. Kwa hiyo maji yaendayo kasi yanaukaribia ukuta zaidi, msuguano unapanda, na 64/Re haielezi tena chochote.

Ugumu wa kisa chetu, nao ndio uliomtega kijana, ni kwamba mwendo wa maji haukujulikana. Ulijulikana urefu, kipenyo na kimo cha mita 18, na kilichotafutwa ni wingi wa maji. Ili uamue aina ya mtiririko unahitaji Re, ili upate Re unahitaji mwendo, na ili upate mwendo unahitaji f, ambayo inategemea aina ya mtiririko. Kijana alikata mzunguko huo kwa kuchagua upande mmoja na kuendelea. Kuanza kwa kudhani si kosa, kwa maana hakuna njia nyingine. Kosa ni kutorudi kuihoji dhana baada ya kupata jibu.

Tulirudi pamoja, kwa kalamu yake mwenyewe. Ukiweka 64/Re ndani ya kanuni ile na kuisafisha, mwendo unatoka hivi:

```
V = h × g × D² / (32 × ν × L)
```

Kwa mita 18 za kimo jibu ni kama mita 5 kwa sekunde, na kwa eneo la bomba hilo zinapatikana lita 12 za kwenye karatasi. Nikamwomba achukue mwendo huo wa mita 5 na kuutia kwenye kanuni ya Re. Alipata zaidi ya 264,000. Alinyamaza kidogo, akapiga hesabu tena, ikatoka ileile. Alidhani Re iko chini ya 2,000, na dhana hiyohiyo ikamletea Re inayozidi mpaka huo mara mia moja na thelathini. Jibu lilikuwa limejikana lenyewe, na kuligundua hakukuhitaji kitabu wala chombo chochote, ila mstari mmoja zaidi chini ya karatasi.

Nilimwomba pia apige hesabu ya upande wa pili, yaani bomba hili lingekuwa tulivu kweli lini. Re ya 2,000 katika kipenyo hicho ni mwendo wa sentimita 3.8 kwa sekunde, sawa na lita tano na nusu kwa dakika. Hiyo ni nusu ya bomba moja la kuchotea. Maji yakienda polepole kiasi hicho, kimo kinachopotea katika mita zote 3,200 hakifiki sentimita 14. Kwa maneno mengine, katika mabomba ya maji ya vijijini, mtiririko tulivu hutokea usiku boya linapokaribia kuziba tangi, au mahali penye uvujaji mdogo, na wakati huo hakuna anayehangaika na upotevu wa kimo. Mambo ni tofauti kwa mafuta mazito au molasi, ambazo mnato wake ni mkubwa mara nyingi kuliko wa maji; huko 64/Re ni kanuni ya kila siku. Kwa maji ya bomba kuu, anayeanza na msukosuko atakuwa sahihi karibu kila mara, ila bado ahakiki.

Tukaanza upya. Katika msukosuko f inategemea Re pamoja na ukwaruzo wa ukuta ukilinganishwa na kipenyo. Kwa plastiki mpya nilichukua ukwaruzo, ε, wa 0.007 mm, ambao ni mdogo mno hata bomba linakaribia kuwa laini kabisa. Zamani tulisoma f kwenye mchoro wa Moody wa mwaka 1944, macho yakifuata mistari iliyobanana. Siku hizi natumia kanuni ya Swamee na Jain ya mwaka 1976, ambayo hata kikokotoo cha shule kinaimudu:

```
f = 0.25 / [ log10( ε/(3.7D) + 5.74/Re^0.9 ) ]²
```

Tulianza kwa kudhani f ni 0.02, kwa sababu mahali fulani ni lazima uanzie. Mwendo ukatoka mita 0.55 kwa sekunde na Re 29,000, ambayo tayari ni msukosuko usio na ubishi. Re hiyo ikarudisha f ya 0.0239. Kwa f hiyo mwendo ukashuka hadi 0.505, na f ikawa 0.0244. Raundi ya tatu ilileta mwendo wa mita 0.50 na Re ya 26,300, na f ikasogea kidogo mno hata tukaacha. Raundi tatu zilitosha, kwa sababu f hubadilika taratibu sana Re inapobadilika. Wingi wa maji ni lita 1.2 kwa sekunde. Safari hii Re ya mwisho iliikubali dhana ya mwanzo.

Hapo kuna tahadhari moja inayowapata hasa waliosoma vitabu vya fani tofauti. Baadhi ya vitabu, vingi vikiwa vya uhandisi wa kemikali, hutumia kigezo cha msuguano ambacho ni robo ya hiki, na kwao mtiririko tulivu huandikwa 16/Re. Ukichukua f ya kitabu kimoja na kanuni ya h ya kitabu kingine, kimo kinachopotea kitatoka robo au mara nne ya ukweli. Njia ya kujua ni kutazama kitabu kinaandika nini kwa mtiririko tulivu: ikiwa 64, f yake ndiyo inayofaa katika kanuni niliyoiandika hapo juu.

Mwenyekiti wa kamati, mzee ambaye katika maisha yake amefungua na kufunga mifongo mingi, aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe nisingelifikiria: je, kiangazi maji yakipata joto, hesabu itavurugika? Lingekuwa swali zito kama mtiririko ungekuwa tulivu, kwani hapo kimo kinachopotea hufuata mnato moja kwa moja, na maji ya 25 °C yana mnato pungufu kwa kama asilimia 15. Katika msukosuko wa bomba laini mnato unagusa f kwa mzizi wa nne tu, kwa hiyo wingi wa maji ungeongezeka kwa asilimia mbili hivi. Nilimjibu kwamba ndoo haitaitambua tofauti hiyo. «Basi,» akasema, «jua lisituumize kichwa.»

Lita 1.2 zilibadilisha mpango wote. Vitongoji viwili vilivyolengwa vilikuwa na watu kama 2,400. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kilicho ndani ya mita 400 na kinachohudumia watu 250. Hiyo ni lita 60,000 kwa siku na vituo kama kumi. Bomba linaloleta lita 1.2 usiku na mchana hufikisha zaidi ya lita 100,000, kwa hiyo maji ya siku yalitosha na kubaki. Kisichotosha ni maji ya saa kumi na mbili asubuhi: vituo kumi vikifunguliwa pamoja huvuta lita 100 kwa dakika, ilhali bomba huleta 72. Uamuzi wa kuacha tangi, ambao ulionekana wa busara kwa lita 12, kwa lita 1.2 ulimaanisha kwamba kila asubuhi vituo vya juu vingetoa upepo. Tulipima pia bomba la 90 mm. Lingeleta lita 3.1 na kidogo, lakini la 63 mm lilikuwa limekwisha kununuliwa na kutandazwa, na chemchemi isingeweza kutoa kiasi hicho bila kuunyima mfongo. Kamati ikarudisha tangi kwenye mpango.

Bomba lilipofukiwa na kufunguliwa, tulisimama kwenye mdomo wake kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Ningependa kusema kwamba ndoo ilijaa kwa sekunde 16 na nusu, kama hesabu ilivyotaka. Ilijaa kwa sekunde 19. Tulirudia mara tano, na kila mara ilikuwa 19, sekunde moja juu au chini. Hiyo ni lita 1.05, pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Kijana alifikiri tumekosea f. Mimi nilipendekeza tuifanye hesabu ituambie pa kutafuta. Kwa lita 1.05 mwendo ni mita 0.436 kwa sekunde, Re ni 22,900, f ni 0.0253, na kimo kinachopotea kwa msuguano ni mita 14.1. Bomba lina mita 18. Mita 3.9 zilikuwa zinaliwa na kitu kingine. Fundi mmoja alizilaumu elbo na valvu. Ni lawama inayozoeleka, na kwenye mabomba mafupi ya nyumbani ina ukweli, lakini hapa kimo cha mwendo, yaani V²/2g, hakifiki sentimita moja. Hata elbo na valvu zote zikijumlishwa zikafika mara 15 ya hicho, haziwezi kula zaidi ya sentimita 15. Kwenye bomba refu ukuta ndio mlaji mkuu. Na ukuta wa plastiki mpya hauwezi kuwa na mikwaruzo ya kutosha kumeza mita nne.

Kilichobaki ni hewa. Pale bomba linapopanda juu ya bega la kilima na kuteremka tena, hewa iliyobaki wakati wa kujaza hujikusanya kileleni na kusukumwa kidogo upande wa mteremko. Maji hupita chini yake kama mfereji ulio wazi, hayajazi bomba, na kimo chote cha mteremko ulioshikwa na hewa hupotea bila kusukuma chochote. Tulifuata mtaro kwa miguu hadi kwenye bega la pili, ambako mchoro ulionyesha kilele na ardhini hapakuwa na valvu ya hewa. Fundi akatoboa na kufunga klampu yenye koki ndogo, akaifungua. Ilipuliza kwa dakika kadhaa, ikatema maji na hewa kwa zamu, kisha ikatoa maji matupu. Siku iliyofuata valvu ya hewa iliwekwa mahali pa ile koki. Kule mwisho ndoo ilijaa kwa sekunde 17, yaani lita 1.18, na tofauti iliyobaki inaweza kuwa ya saa yangu.

Kabla ya kuondoka nilitaka kijana aone msukosuko kwa macho, kadiri inavyowezekana kwa bomba jeusi. Tulifunga geji ya presha karibu na mwisho, kabla ya valvu. Valvu ikiwa imefungwa kabisa geji ilionyesha karibu 1.8 bar, ambayo ndiyo zile mita 18. Nikamwomba aifungue polepole hadi ndoo ijae kwa sekunde 34, nusu kabisa ya maji ya kawaida, na kabla ya kusoma geji aniambie anatarajia nini. Kama mtiririko ungekuwa tulivu, nusu ya maji ingepoteza nusu ya kimo, na geji ingebaki karibu 0.9. Katika msukosuko wa bomba laini kimo kinachopotea hufuata mwendo kwa kipeo cha 1.75 hivi, kwa hiyo nusu ya maji hupoteza tatu ya kumi tu, na geji ingebaki karibu 1.25. Aliziandika namba zote mbili kwenye kiganja, akainama juu ya geji, akaifuta kioo kwa kidole gumba. Sindano ilikuwa inatetemeka kati ya 1.2 na 1.3.